UZI: Duka linahamia akaunti mpya ya benki. Tuwajulisheje wateja bila kuwafungulia matapeli mlango?

Muuza_Pembejeo (Mwanjelwa, Mbeya)

Ugonile wakuu. Duka letu ni la jumla la pembejeo: mbegu, mbolea na dawa. Wateja wa mkopo ni kama 140, wametawanyika Mbarali, Mbozi, Tunduma, Makambako mpaka Njombe. Wengi huchukua mzigo kuanzia Novemba na kulipa baada ya mavuno. Tunafungua akaunti benki nyingine, na tunataka malipo yaanze kuingia huko tarehe 1 Juni. Nimepanga kuwatumia wote ujumbe huu siku moja:

"Ndugu mteja, kuanzia leo akaunti yetu imebadilika. Tafadhali lipa kwenye akaunti mpya namba ………, usitumie ya zamani. Kwa maelezo piga 07……… Haraka iwezekanavyo."

Mwenye duka anaogopa matapeli. Naomba mnikosoe kabla sijatuma.

Mzee_wa_Vwawa

Kijana, hilo si jambo la kuumiza kichwa. Nenda tawini na kitambulisho, jaza fomu ya kuhamisha akaunti, wiki haiishi mambo yamekwisha.

Muuza_Pembejeo

Shikamoo mzee. Hiyo ni kwa anayehama tawi ndani ya benki ileile. Sisi tunahama benki, kwa hiyo namba inabadilika yote, na wateja lazima waambiwe.

KijanaUyole

Mkuu unajisumbua. Siku hizi mtu akiingiza namba ya akaunti kwenye simu, jina linatokea kabla hajaweka namba ya siri. Waambie wateja waangalie jina la duka. Anayeogopa atume kwanza 10,000 ya majaribio, ikifika atume iliyobaki.

Mhasibu_Nyanda

Muuza Pembejeo, usiutume huo ujumbe. Naanza na sababu, kwa sababu ukiielewa utajua cha kuweka na cha kutoa.

Tapeli anayeiba malipo ya namna hii hana haja ya kuvunja akaunti yako. Anamwandikia mteja wako kwamba akaunti imebadilika, basi. Sasa usome ujumbe wako tena ukiwa mteja wa Rujewa. Una namba ya akaunti, una amri ya kuacha ya zamani, una namba ya simu ya kupiga ukitaka uhakika, na una neno haraka. Ujumbe wa tapeli una vitu vinne hivyohivyo. Ukiutuma, umewazoesha wateja 140 kwamba duka hubadilisha akaunti kwa ujumbe wa simu. Wiki inayofuata mmoja wao atapokea mwingine: "Samahani, akaunti tuliyowapa juzi ina tatizo, tumieni hii kwa muda." Hatashangaa, maana wa kwanza ulikuwa wa kweli.

Ndiyo maana tangazo la wazi lisibebe namba ya akaunti. Liseme mabadiliko yanakuja, na lieleze namba itapatikana kwa njia gani. Namba yenyewe ipite kwenye njia ambayo mteja alikuwa nayo kabla ya tangazo: simu ya duka iliyo kwenye invoisi zake za zamani, au afisa mauzo anayemjua kwa sura.

Kosa lingine ni namba ya simu uliyoiweka mwishoni. Mteja akipiga namba iliyo ndani ya ujumbe, anamuuliza mwandishi wa ujumbe kama ujumbe ni wa kweli. Mwandishi akiwa tapeli atajibu ndiyo, na kwa adabu nzuri sana. Mwambie mteja apige namba iliyo kwenye invoisi ya mwaka jana, na usimwandikie ni ipi.

KijanaUyole, nitakurudia. Una nusu ya ukweli.

Mama_Mpunga (Ubaruku)

Mimi nauliza kwa niaba ya wakulima na wenye maduka ya huku ndani. Wengi hawana simu ya kuingilia benki. Mtu anachukua pesa taslimu, anakwenda kwa wakala wa benki, anampa karatasi yenye namba, anahesabu noti, anaondoka na kikaratasi. Huyo jina analiona wapi? Na wengine hawana salio la kupiga simu Mbeya kuuliza.

Mhasibu_Nyanda

Swali zuri mama. Wakala akiingiza namba, jina la mwenye akaunti humtokea kwenye mashine yake kabla hajathibitisha. Mteja amwombe alisome kwa sauti kabla ya kukabidhi pesa, na jina hilo liwe limeandikwa kwenye karatasi aliyokwenda nayo. Pesa ikishaingia, kikaratasi kinaonyesha tu ilikokwenda, hakiirudishi.

Kuhusu salio, tumieni bipu. Mteja abipu namba ya duka aliyonayo siku zote, duka limpigie kwa namba hiyohiyo. Kilicho muhimu ni kwamba mteja ndiye aliyeanza, na ameanzia kwenye namba anayoijua. Duka likimpigia bila yeye kuanza, ajibu "sawa," akate, kisha abipu. Tena duka lenyewe limfundishe kufanya hivyo, ili asione haya kumkatia mtu simu.

Sasa KijanaUyole. Jina likitokea ni msaada mkubwa, na mteja akiona jina la mtu binafsi mahali pa jina la duka, asimame hapohapo. Ila jina peke yake halitoshi. Mtu anaweza kufungua biashara yenye jina linalokaribiana na lenu, tofauti ikawa neno moja la mwisho, na mteja mwenye haraka anasoma maneno mawili ya mwanzo tu. Tena kuna maduka ambayo akaunti yake ina jina la mmiliki au jina la kampuni ambalo haliko kwenye bango. Hapo mteja anaona jina geni hata akaunti ikiwa sahihi, na akizoea majina mageni kinga imekufa. Muuza Pembejeo, akaunti yenu mpya ina jina gani hasa?

Na hiyo 10,000 ya majaribio: pesa kufika kunathibitisha akaunti ipo. Hakuthibitishi ni ya nani. Ukimtumia tapeli 10,000 itafika vizuri kabisa, naye atakujibu "imefika mkuu, tuma iliyobaki."

KijanaUyole

Kwa hiyo majaribio hayana maana?

Mhasibu_Nyanda

Yana maana yakifanywa hivi. Mteja anatuma kiasi kisicho cha mviringo, mfano 10,350, na hamwambii mtu. Kisha anapiga namba ya zamani ya duka na kuuliza: "Leo mmepokea shilingi ngapi kutoka kwangu?" Duka likisema 10,350, basi mtu aliye kwenye simu anayoijua ndiye anayeiona akaunti hiyo. Wakisema hawajaona kitu, amepoteza 10,350 na si milioni 4. Ila akituma skrinishoti ya muamala kwanza, ameshatoa jibu mwenyewe, na jaribio halina kazi tena.

Muuza_Pembejeo

Akaunti mpya ina jina lilelile la duka kama lilivyosajiliwa BRELA, herufi kwa herufi. Nashukuru. Sasa nipangie, mkuu, kwa wateja 140 tufanyeje? Wakubwa ni 12 tu, lakini wao ndio wanaodaiwa sehemu kubwa ya pesa yote.

Mhasibu_Nyanda

Kabla ya mpangilio, tarehe. 1 Juni siipendi. Ndipo mpunga unaanza kugeuka pesa na madeni yanaanza kulipwa. Mabadiliko yakiangukia humo, pesa nyingi inatembea huku wateja hawana uhakika wa namba. Ama mmalize kuwathibitisha wale 12 kabla ya katikati ya Mei, ama msubiri Septemba, malipo yakipungua na kabla mikopo mipya haijaanza.

Hatua ya kwanza ni tangazo bila namba. Nimelifupisha:

"Ndugu mteja, duka letu litabadilisha akaunti ya benki mwezi Septemba. Namba mpya HATUTAITUMA kwa ujumbe, wasapu wala barua pepe. Utaipata kwa afisa wetu unayemjua, au kwa kupiga namba yetu iliyo kwenye invoisi yako ya zamani. Akaunti ya zamani inaendelea kupokea. Huna haja ya kuharakisha. Ukipokea ujumbe wowote wenye namba ya akaunti, hautoki kwetu."

Ona sentensi ya mwisho. Mteja hatakiwi kupima ujumbe upi wa kweli na upi wa uongo. Wenye namba ni wa uongo, basi. Lakini sheria hiyo inadumu kwa sharti moja: nanyi msiivunje hata mara moja. Siku karani wenu akimwonea huruma mteja mmoja wa Igawa na kumtumia namba kwa wasapu, ulinzi mzima umeondoka.

Hatua ya pili, wale 12 wafikiwe kwa mkono. Afisa mauzo anayepita kwao siku zote ana barua ya duka yenye muhuri, namba na jina kamili la akaunti, na mteja anasaini kwenye daftari la kupokelea. Hapa wengi huishia, na hapa ndipo kuna shimo, kwa sababu barua inaweza kughushiwa na hata afisa mwenyewe anaweza kubadilisha karatasi njiani. Kwa hiyo mteja akishapokea, anapiga namba ya zamani ya duka na kuisoma namba ya akaunti, tarakimu moja moja. Mteja ndiye anayesoma, duka linasikiliza na kulinganisha. Msigeuze. Duka likisoma, mteja aliyechoka atasema "ndiyo, ndiyo" bila kutazama karatasi. Akisoma yeye, karatasi ya kughushi inajulikana palepale, tena duka linajua mteja gani ameshafikiwa na tapeli.

Hatua ya tatu, wale waliobaki wasitafutwe kwa mkupuo. Kila mmoja apewe namba anapokuja kuchukua mzigo au anapopiga simu mwenyewe, na naye aisome kwa sauti. Wekeni daftari moja: jina la mteja, nani amempa, tarehe aliyosoma namba kwa simu, simu aliyotumia, na tarehe ya malipo yake ya kwanza kwenye akaunti mpya. Ambaye nafasi ya kusoma iko wazi, invoisi yake isichapwe namba mpya. Iandikwe: "Lipa kwenye akaunti uliyoithibitisha na duka."

Mbao_Mafinga

Kamwene. Mimi niko upande wa pili. Tunauza mbao, na muuzaji wetu wa dawa za kutibu nguzo yuko Dar. Ametuma barua pepe, akaunti mpya, na ameambatanisha barua ya benki yenye nembo na saini. Invoisi ni yetu kweli, kiasi ni kilekile, hata mazungumzo ya chini ni yetu ya mwezi uliopita. Huyu si wa kuaminika?

Fundi_Mitandao (Iringa)

Hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi. Aliyeingia kwenye barua pepe ya muuzaji, au ya kwenu, anasoma kimya mpaka invoisi kubwa ipite, kisha anajibu ndani ya mazungumzo yaleyale. Anabadilisha mstari mmoja tu wa invoisi. Barua ya benki ni picha. Mtu mwenye moja ya kweli anaitengeneza nyingine kwa nusu saa.

Msijibu barua hiyo kwa kuuliza "ni kweli?" Pigeni simu mliyokuwa nayo kabla. Kisha tazameni anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, kwa sababu mara nyingine ni anwani jirani yenye herufi moja ya ziada. Lakini anwani ikiwa sahihi bado si ushahidi, maana anaweza kuwa ndani ya sanduku lenyewe.

Kwa wenye Gmail, ingieni kwenye mipangilio, fungueni `Forwarding and POP/IMAP` na `Filters and Blocked Addresses`. Mkikuta barua zinapelekwa kwenye anwani msiyoijua, au kichujio kinachoficha barua zenye neno invoisi au akaunti, kuna mtu ndani. Kubadilisha nenosiri tu hakutoshi: kichujio kinaendelea kufanya kazi hata baada ya nenosiri jipya. Futeni kichujio, badilisheni nenosiri, toeni vifaa vyote vilivyoingia, washeni uthibitisho wa hatua mbili. Muuza Pembejeo nanyi fanyeni hivyo kabla ya tangazo. Mkitangaza huku mtu yuko ndani, mmempa ratiba.

Mbao_Mafinga

Nimepiga namba iliyo kwenye mkataba. Mhasibu wao hajui lolote kuhusu akaunti mpya. Tumesimamisha malipo.

Mhasibu_Nyanda

Vizuri. Waambie wawajulishe wateja wao wengine leo hii. Hamtakuwa peke yenu.

Mama_Mpunga (Ubaruku)

Na sisi wa makundi ya wasapu? Duka tunalonunua lina kundi la wateja zaidi ya mia, na matangazo yote ya bei hupita humo.

Fundi_Mitandao (Iringa)

Mama, kundi lifungwe ili wasimamizi tu ndio waandike. Likiachwa wazi, mtu anaingia na picha ya bango la duka na jina la duka, anaandika akaunti katikati ya tangazo la bei, na wengi hawatazami namba ya simu ya aliyeandika. Hata likifungwa, tapeli aliyemo ndani anaziona namba za wanachama wote na anaweza kuwaandikia mmoja mmoja pembeni. Kwa mambo ya akaunti kundi lirudie tangazo lile lisilo na namba, mara moja kwa wiki, bila kuongeza neno.

KijanaUyole

Swali. Akaunti ya zamani si ifungwe siku ileile? Mkiwa na mbili wateja wanachanganyikiwa.

Mhasibu_Nyanda

Hapana. Ukiifunga, anayelipa kwa mazoea pesa yake inakataliwa au inazunguka siku kadhaa kabla ya kurudi, na mteja aliyekwama ndiye anayemsikiliza tapeli anayempigia kusema "tumia hii kwa sasa." Ikibaki wazi, hakuna mwenye sababu ya kuharakisha, na tapeli bila haraka hana kazi. Kila siku karani afungue taarifa za akaunti zote mbili. Aliyelipa ya zamani ashukuriwe, aelekezwe. Wa kutafutwa siku hiyohiyo ni yule anayesema amelipa, na pesa yake haionekani huku wala kule.

Muuza_Pembejeo

Na huyo tukimpata tufanyeje?

Mhasibu_Nyanda

Saa za mwanzo ndizo zenye matumaini, kabla pesa haijatolewa. Mteja apige benki yake mwenyewe, au mtandao wake wa simu kama ametuma kwa simu, atoe namba ya muamala na aombe izuiwe. Benki ya mteja ndiyo inayowasiliana na benki ya mpokeaji. Ninyi mkipiga mtaambiwa si wateja wao kwenye muamala huo. Kisha aende polisi achukue RB, maana benki itaihitaji. Ujumbe wa utapeli ukiwa ulikuja kwa simu, autume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Asiufute. Nanyi andikeni siku hiyo, kwenye karatasi, nani alipiga, saa ngapi, alisema nini.

Deni lenyewe linabaki kwa nani ni ugomvi mwingine. Duka litasema halijalipwa, mteja atasema barua ilitoka kwenye anwani ya duka. Ndiyo maana kwenye fomu za mikopo za Novemba ongezeni sentensi: mabadiliko ya akaunti hayana nguvu mpaka mteja ayathibitishe kwa simu iliyoandikwa kwenye fomu hii. Na namba hiyo ya simu msiibadilishe mwaka ambao mnabadilisha akaunti.

Mzee_wa_Vwawa

Sasa nimeelewa, kijana wangu, nilikujibu lingine. Lakini mbona msiandike akaunti ukutani, mbele ya duka, kwa rangi? Kila anayekuja anaiona, na hakuna wa kughushi ukuta.

Fundi_Mitandao (Iringa)

Mzee, namba ya akaunti si siri, hilo nakubali. Hofu yangu ni picha. Mtu anapiga picha ukuta, anabadilisha tarakimu kwenye picha, anaituma: "ona, iko hata dukani."

Mhasibu_Nyanda

Mimi niko karibu na mzee. Rangi ukutani ni bora kuliko stika, kwa sababu stika ya lipa namba hubandikwa nyingine juu yake na hakuna anayeona. Ila iwe ya kusomwa na aliyesimama pale. Picha ya ukuta ihesabiwe sawa na ujumbe wenye namba: si yetu.

Fundi_Mitandao (Iringa)

Bado sijashawishika. Mteja wa kijijini hatatofautisha ukuta na picha yake.

Muuza_Pembejeo

Mwenye duka amesoma uzi wote. Tunahamisha tarehe kwenda Septemba na tunatumia tangazo lisilo na namba. Ukuta tutaujadili wenyewe. Limebaki moja: tuna wateja wanne wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Wana laini za Zambia, hawapigi huku kwa sababu ya gharama, wanatumia wasapu tu. Hao wataisoma namba wapi?

Mama_Mpunga (Ubaruku)

Si wanavuka kuchukua mzigo Tunduma? Waisome mbele ya dereva wenu, kwa simu ya dereva.

Mhasibu_Nyanda

Kwa simu ya dereva hapana, mama, maana hapo kila kitu kinapita mkononi mwa mtu mmoja. Wakiwa wamevuka, waazime simu ya mwenye duka jirani mwenye laini ya huku na wapige namba iliyo kwenye invoisi yao. Kwa wasapu, simu ya video na mhasibu wanayemjua kwa sura ni afadhali kuliko maandishi, lakini kwa pesa kubwa siwezi kukuambia inatosha. Kama kuna mtu Tunduma anayeuza ng'ambo kwa mkopo, aseme wanafanyaje.